Mabano ya Marui

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikuwa mhasibu msaidizi wa taasisi ndogo yenye zahanati mbili: moja Soga, nyingine Marui, Kisarawe. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Kibaha. Mhasibu mkuu alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo ripoti zote za robo mwaka zilinijia mimi.

Ripoti ya Soga niliitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta. Ya Marui ilikuja kwa simu, picha ya karatasi iliyopigwa na muuguzi mfawidhi, mama mtu mzima aliyekuwa ameiongoza zahanati ile tangu mimi niko shule ya msingi. Hatukuwa tumeonana, lakini kila picha aliyotuma iliambatana na ujumbe: "Mwanangu, umekula?" Karatasi ilikuwa na mkunjo katikati, na kidole gumba chake kilikuwa kimeziba kona ya juu kulia.

Simu yangu ilikuwa na programu ya kusoma maandishi kwenye picha, nikaitumia. Tarakimu zilitoka vizuri, hata zile za kwenye mkunjo. Nikajumlisha, jumla zikakubali. Nilijiona hodari. Kisha, ili muhtasari wa kamati uwe mfupi, nikachukua safu ya mwisho peke yake, yaani ile ya tofauti, nikaacha safu za bajeti na halisi, yaani fedha zilizoingia au kutumika kweli.

Ada za wagonjwa zilikuwa na milioni mbili na laki nne, ndani ya mabano. Michango ya wafadhili laki tisa, bila mabano. Dawa milioni moja na laki tatu, ndani ya mabano. Mafuta ya jenereta laki sita, bila mabano. Katika majedwali yangu ya Soga mabano yalikuwa na maana moja tu: hapa tumeharibikiwa, iwe ni mapato yaliyopungua au matumizi yaliyozidi. Nikaandika hivyo hivyo. Ada zimepungua, dawa zimezidi, Marui iko nyuma ya bajeti kwa milioni mbili na laki mbili.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mpole anayesoma kila karatasi kwa kalamu mkononi. Alizungushia duara mistari miwili.

"Wagonjwa wamepungua," alisema taratibu, "halafu dawa zimeongezeka. Sasa hizo dawa anakunywa nani?"

Hakuna aliyecheka. Mjumbe mmoja akasema labda kuna mtu anaziuza pembeni. Mwingine akasema kama wagonjwa ni wachache, hakuna haja ya wauguzi watatu. Kikao kilipoisha kulikuwa na barua mbili za kupelekwa Marui, moja ikimtaka muuguzi mfawidhi ajieleze kuhusu dawa, ya pili ikisimamisha mkataba wa muuguzi wa tatu. Mwenyekiti akanipa mimi nizipeleke, maana mimi ndiye niliyezijua hesabu.

Nilibadilisha magari mara mbili, kutoka Kisarawe mjini nikachukua bodaboda. Nilifika kabla ya saa nne. Nilichokiona kwanza ni mabenchi. Yalikuwa yamejaa, na wengine wamekaa chini kwenye kanga zao, watoto wanalia, karani wa mapokezi anaandika risiti bila kuinua kichwa. Nilisimama pale na barua zangu, nikajiambia labda leo ni siku ya kliniki ya watoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe wa Kibaha? Mbona mwembamba hivyo! Ingia, ingia."

Aliniketisha kwenye chumba cha sindano, akaniletea mihogo ya kuchemsha na chai kabla hajaniuliza nimefuata nini. Nilikula nikiwa na aibu. Ndipo nikampa barua ya dawa.

Aliisoma mara mbili. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni lake jeupe.

"Wameandika wagonjwa wamepungua," alisema. "Mwanangu, wamepungua wapi? Wiki iliyopita tumeishiwa na vitabu vya risiti."

"Ripoti yako ndiyo imesema, mama. Ada ziko kwenye mabano."

"Mimi mabano siyajui. Yanatoka hivyo kwenye mashine, ile kompyuta ya mapokezi. Ngoja."

Akafungua droo, akatoa karatasi yenyewe. Kona ya juu kulia, juu ya safu ile, pale kidole chake kilipoziba kwenye picha, kulikuwa na maneno ambayo sikuwahi kuyaona: *Tofauti (Bajeti kutoa Halisi)*.

Nilitazama mstari wa ada. Bajeti milioni kumi na nane. Halisi milioni ishirini na laki nne. Mashine ilikuwa imetoa namba kubwa kutoka kwenye ndogo, ikaweka mabano kwa sababu jibu ni hasi, basi. Haikuwa imesema ni jambo baya. Mapato yakizidi bajeti, kwa mpangilio ule, lazima yaingie kwenye mabano. Matumizi yakizidi nayo yanaingia. Mabano yale yale, maana mbili zinazopingana.

Niliomba kalamu. Nikaanza upya mbele yake, kila mstari kutoka kwenye bajeti na halisi, nikiuliza swali moja tu: hili limetuongezea au limetupunguzia? Ada zimezidi: nzuri. Michango haikufikia bajeti: mbaya, japo haikuwa na mabano. Dawa zimezidi: mbaya kweli. Mafuta yamebaki: nzuri. Nzuri zilikuwa milioni tatu, mbaya milioni mbili na laki mbili. Marui ilikuwa mbele ya bajeti kwa laki nane.

"Na dawa?" nikamuuliza, sasa nikiwa na haki ya kuuliza.

"Wagonjwa wakiongezeka, dawa zitabaki kabatini?" Akanifungulia leja ya dawa, kila kopo na tarehe yake. Ilikuwa safi.

Nilimwomba radhi. Nilianza vizuri, kisha nikalia kama mtoto. Akanivuta kifuani, gauni lake linanuka spiriti, akasema, "Nyamaza. Hujaua mtu. Mimi nimewahi kumchoma sindano mwanamume asiyeumwa, alikuwa amemsindikiza mkewe." Akacheka mpaka karani akachungulia mlangoni.

Barua ya pili sikuitoa. Muuguzi wa tatu, binti wa rika langu, aliingia kuchukua pamba, akanisalimia, akatoka. Hakujua lililokuwa ndani ya mkoba wangu.

Kibaha nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alisikiliza, akaomba karatasi zote mbili, muhtasari wangu na ripoti yenyewe niliyopewa Marui, akapiga hesabu mwenyewe kwa mkono, mstari kwa mstari, kama anasahihisha daftari.

"Kosa ni lako," alisema mwishowe. "Lakini sisi watu saba tulikaa mezani, hakuna hata mmoja aliyeuliza bajeti ilikuwa ngapi." Akachana ile barua ya pili aliyokuwa ameisaini, akapiga simu Marui, na nilimsikia mzee yule akisema pole mara tatu kwa mwanamke asiyemwona.

Tangu hapo ripoti zetu zina safu zote tatu, na pembeni ya kila tofauti neno zima limeandikwa, nzuri au mbaya. Picha ikija na kichwa cha safu kimezibwa, naomba nyingine. Na bajeti ya dawa ya Marui tuliipandisha mwaka uliofuata, kwa sababu wagonjwa walikuwepo kweli, niliwaona kwa macho yangu wamejaa kwenye mabenchi.