Kidonge cha Majunga

Watu wakiniuliza nilifanya nini cha maana miaka yote niliyochanganya dawa katika duka la Mhindi pale Uhindini, enzi za Mwingereza, huwajibu kwamba nilisoma maandishi madogo. Hunicheka. Wacheke tu.

Asubuhi moja aliingia mama wa Kingazija aliyekuwa amekuja kutoka Majunga, ng'ambo kwa Wafaransa, kumwoza mdogo wake Kariakoo. Nilimkumbuka. Siku nne nyuma nilikuwa nimempa Luminal kwa cheti cha daktari wa hospitali, kidonge kimoja kila usiku, kwa binti yake wa miaka kumi na tatu mwenye kifafa. Sasa alikuja kuniambia hali ya mtoto imegeuka. Binti alikuwa analala na tonge mdomoni, akisimamishwa anayumba, akisema ulimi mzito. Jamaa zake walikwishakata shauri kwamba ni pepo, na mganga angeletwa jioni ileile.

"Mama, kuna dawa nyingine unayompa?"

"Hakuna." Akatazama chini.

Nilijua yale macho. Kwetu, ukitoka kwa mganga mmoja ukaenda kwa mwingine, humtaji yule wa kwanza. Ni kumvunjia wa pili heshima, na huenda akakataa kukutibu. Mama yangu mwenyewe alikuwa hivyo.

"Mimi si mganga, mama. Kazi yangu kupima unga na kubandika karatasi kwenye chupa. Nitajie hata waganga kumi, sikasiriki."

Akacheka kidogo, akafungua pindo la kanga, akatoa kichupa chembamba. Kimeandikwa Gardenal.

"Hii ya daktari wa Majunga. Anameza kimoja magharibi, na ile ya hapa akienda kulala. Nilipoona hii inakaribia kwisha niliitafuta maduka mawili, wote wakaniambia hawaijui. Ndipo nikaenda hospitali. Nilisema mtoto ana kifafa, basi. Nikaona dawa mbili zitamshika vizuri zaidi."

Mzee mwenye duka alikuwa kitini kwake na gazeti. "Jina lingine, dawa nyingine," alisema. "Usimtie mama wa watu wasiwasi."

Nilikuwa nimeudhika. Nilishusha kitabu kikubwa cha dawa, kile alichokitumia kuzuia mlango siku za upepo, nikatafuta. Ilikuwapo: fenobarbitoni, jina la Waingereza, na chini yake, kwa herufi za kuumiza macho, majina ambayo wauzaji wa nchi mbalimbali wameipa. Luminal. Gardenal. Dawa ileile moja. Kikabaki kipimo, maana Mfaransa anapima kwa sentigramu, sisi kwa greni. Nilipiga hesabu mara mbili. Sentigramu kumi za kidonge chake na greni moja na nusu ya chetu ni kitu kimoja, tofauti yake haifai hata kusemwa. Kwa hiyo mtoto alikuwa anameza dozi maradufu kila usiku.

Nilimgeuzia mzee kitabu. Alivaa miwani, akasoma, akasoma tena, kisha akachukua kalamu na kumwandikia daktari barua. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyonipa maisha yake yote, nami niliipokea.

Yule mama alitaka kuvitupa vidonge vyote barabarani. Nilimshika mkono. "Usithubutu! Ukiikata ghafla kifafa kitarudi na nguvu zaidi. Twende hospitali, na vichupa vyote viwili mkononi." Tulimchukua binti kwa riksho. Daktari alitazama vichupa, akatazama barua, akamlaza. Walimsimamishia dawa chini ya macho yao, maana iliyozidi mwilini ilikuwa bado inamtosha, mpaka akili ikamrudia, halafu kidonge kimoja tu kila usiku. Mganga alikuja Kariakoo akakuta kitanda kitupu. Siku ya tatu mama alikuja dukani kunipa habari kwamba mtoto ameomba wali wa nazi, na mimi, mtu mzima, nililia nyuma ya rafu.

Kabla hawajapanda meli nilimwandikia mama karatasi: majina yote matatu, kipimo cha Kifaransa na cha Kiingereza, na maneno haya: ni dawa moja, usitoe mbili pamoja. Nikamwambia kila daktari amwonyeshe, na asione haya.

Miaka ikapita. Siku moja mwanamke kijana alisimama mbele ya meza yangu, akaniamkia shikamoo, akavua shingoni hirizi ya kitambaa. Alifumua uzi, akanikunjulia ile karatasi. Mwandiko wangu ulikuwa umefifia. Chini yake palikuwa na miandiko mingine, ya wino wa buluu, ya penseli, na mihuri miwili.

"Kila bandari ninayoshuka wanaisoma," alisema. "Huyu ni daktari wa Majunga, huyu wa duka la dawa Unguja, huyu wa Mombasa. Wote wameandika neno moja, kila mtu kwa lugha yake."

"Neno gani?"

"Sahihi."

Kisha akaniomba vidonge vya mwezi mmoja, nami nikampimia.