Maharage ya Kukataa Kazi

Barua ya kuitwa kazini ilinikuta nina miezi minane tangu nimzike mume wangu. Shirika moja lililokuwa likihudumia wakimbizi wa Nyarugusu lilinitaka niwe karani wa ghala. Usaili nilikuwa nimeufanya mwenyewe, na kazi nilikuwa naitaka. Sitadanganya kwamba sikuitaka. Darasa la saba, na kupewa kalamu ya ofisi! Lakini barua ilisema mfanyakazi atalala kambini siku sita kwa wiki, na walinipa wiki mbili za kujibu.

Nilikuwa nakaa Heru Juu na mama mkwe wangu. Tangu msiba ule tulikuwa tukila sahani moja. Siku niliyolala Kasulu kwa ajili ya usaili, nilirudi nikakuta jiko limepoa na yeye hajatia kitu mdomoni.

"Kula peke yangu nimesahau," alisema, kama mtu aliyesahau jembe shambani.

Niliandika barua ya kukubali mara mbili, na mara mbili nikaichana. Siku ya kumi nikamwambia sitakwenda. Hakufurahi wala hakulia. Aliuliza tu, "Utawaambiaje?"

Kwetu mtu hamkatai mwenzake usoni. Ananyamaza, au anatuma mtu aseme anaumwa. Jirani yetu alinishauri ninyamaze, wataelewa wenyewe. Lakini kuna mtu aliyeshika nafasi ya pili kwenye usaili, naye alikuwa akingoja jibu langu bila kujua. Halafu nilijua siku moja nitaihitaji ofisi ile tena. Nikaandika kweli tupu: nashukuru kwa kunichagua, nimefikiri sana, siwezi kulala mbali na mama mkwe tukiwa bado na msiba, mwingine aitwe mapema, na ikitokea kazi ya kwenda na kurudi naomba mnikumbuke.

"Sawa," alisema mama mkwe. "Ila neno gumu halipelekwi mikono mitupu." Akanijazia kikapu maharage mapya, akayafunika kwa jani la mgomba.

Zilibaki siku mbili kabla ya mwisho wa kujibu nilipotembea hadi ofisi yao Kasulu mjini. Mlinzi wa getini, Muha mwenzangu, alinisalimu kwa Kiha, "Mwakeye!" kisha akainua lile jani.

"Mama, hapa maharage yanatoka, hayaingii!"

"Ni ya bwana afisa aliyenisaili."

Uso ukambadilika. "Wewe si yule wa kazi ya ghala? Dada yangu, ukionekana na hayo umekwisha. Hapa ukileta zawadi kabla hujaajiriwa, ni rushwa."

Nimekuja kulinda jina langu, nami nimelibebea doa kichwani mwenyewe! Kabla sijageuka, afisa utumishi alitokea barazani, mwanamume mnene kutoka Tanga, mwenye sauti ya upole.

"Kuna nini hapo?"

Mlinzi akasema kweli yote. Afisa akanitazama kwa masikitiko. "Mama, nilikuamini. Mwombaji kazi haleti kitu."

"Mimi si mwombaji tena," nikasema, nikampa barua kwa mikono miwili. "Nimekuja kukataa."

Aliisoma amesimama, akarudia kuisoma. Kisha akacheka hadi akashika nguzo. "Miaka yote hii, watu wananikimbia bila kuaga. Leo nimekataliwa, tena na maharage juu!"

"Ni desturi yetu, bwana."

"Desturi nzuri. Lakini kanuni ni kanuni, mimi siwezi kuyabeba nyumbani." Akafikiri kidogo. "Mlinzi! Peleka jikoni. Yapikwe leo, yaliwe na kila aliyepo, na huyu mama mgeni wetu akiwemo."

Akaniandikia kwenye nakala niliyojiwekea kwamba barua imepokelewa, akatia sahihi na tarehe. Alisema atamwita wa pili siku hiyo hiyo. Akaongeza kwamba wengi humkatalia kwa kukaa kimya, na yeye hubaki na nafasi wazi mwezi mzima, asijue wa kumlaumu.

Mchana tukala wote pamoja, madereva, makarani na mpishi. Mlinzi aliongeza sahani mara tatu.

"Dada, kazi nyingine ikija," aliniambia kwa sauti ya wote kusikia, "ikatae pia!"

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza nacheka mbele za watu tangu mazishi, na nilijisikia kama nimeiba kitu, halafu hisia ile ikapita.

Msimu uliofuata walifungua ghala dogo hapo mjini, wakanitumia ujumbe niwe nikihesabu magunia siku ambazo malori yanashusha. Nilikubali palepale. Jioni ya kwanza nilipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa ameshapakua ugali, ameketi, ananingoja ninawe.