Barua ya Mabati Themanini

Dada yangu ni mwalimu mkuu, na wanafunzi wanamwita Mama Rula. Wanadhani hajui. Anajua sana, tena jina linampendeza, ila hawezi kulikubali mbele yao. Rula ya mbao ya mita moja haimtoki mkononi tangu enzi za kufundisha hesabu darasa la tano. Sasa ana mwaka wa nne kwenye ukuu na bado anatembea nayo. Anapimia madirisha, anapimia vimo vya watoto, na mwalimu akichelewa kikaoni anagongea meza.

Mimi ni mdogo wake wa kike, fundi cherehani, na wanangu wawili wanasoma shuleni kwake. Siku wazazi waliponichagua kuingia kamati yao, Dada alinipigia simu kabla sijafika nyumbani. Nilidhani ni pongezi.

"Sikiliza," akasema. "Ukivuka geti la shule mimi si dada yako. Mimi ni Mwalimu Mkuu, wewe ni mjumbe."

"Haya, Mwalimu Mkuu," nikamjibu. "Ile sufuria uliyoazima ni ya mjumbe. Irudishe."

Akakata simu. Sufuria ililetwa kesho yake, imesuguliwa hadi inang'aa. Ndivyo alivyo.

Sasa niwaeleze habari ya paa. Shule ina jengo refu la madarasa matatu, la tatu, la nne na la tano, ambalo mabati yake yalikuwa yameliwa na kutu hadi ukikaa ndani mchana unaona jua limetoboa vidoa sakafuni. Mvua ikianza, watoto walikuwa hawangoji kuambiwa. Walisimama wote, wakasogeza madawati upande wa ukuta mkavu, wawili wakaenda kuleta ndoo, kisha wakakaa na kuendelea kuandika. Mwanangu wa darasa la nne aliwahi kuniuliza kama shule zote zina ndoo.

Mkuu aliyemtangulia Dada alijaribu. Aliwachangisha wazazi, akanunua mabati, yakatosha nusu ya jengo tu. Akarudi kuomba tena. Wazazi wakagoma, na sikuwalaumu, maana hata mimi niligoma. Yale mabati machache yakaishia kuezeka stoo, na tangu siku hiyo ukitaja neno mchango kwenye mkutano wa wazazi watu wanaanza kuangalia viatu vyao.

Kwa hiyo Dada alipoamua kuandika barua, aliiandika kwa mwezi mzima. Alizunguka maduka matatu akaleta bei tatu zilizogongwa mihuri. Alipima mwenyewe. Wiki moja kabla ya kikao, wajumbe wote saba tukapewa nakala ndani ya bahasha. Yangu ilisema "Ndugu Mjumbe", kana kwamba hatukuwahi kulala kitanda kimoja tukigombea shuka.

Niliisoma mezani kwangu, mkasi mkononi, gauni la shule limekatwa nusu. Ilikuwa barua nzuri, acheni niseme ukweli. Haikulia wala haikubembeleza. Ilisema hivi: "Napendekeza tuezue paa lote la jengo hili na kuezeka upya kabla ya mvua kuanza, wiki tisa kuanzia leo. Kiraka hakitoshi tena, kwa kuwa bati lililooza halishiki msumari. Nimeambatanisha bei za maduka matatu, gharama ya mbao, misumari, kofia za kilele cha paa na ujira wa mafundi. Kila familia itachangia nusu ya bei ya bati moja. Kamati ikiridhika, tulipeleke jambo hili kwenye mkutano mkuu wa wazazi. Nami naahidi kwa maandishi kwamba sitawaomba mara ya pili."

Kwenye ahadi hiyo nilimwonea fahari Dada. Nani anaahidi hivyo siku hizi? Kisha nikafungua ukurasa wa hesabu.

Urefu wa jengo mita ishirini na nne. Upana mita sita. Eneo mita za mraba mia moja arobaini na nne. Bati moja la mita mbili linafunika mita za mraba moja nukta nane. Jumla ya mabati, themanini.

Nikaweka mkasi chini. Mama Rula alikuwa amepima sakafu.

Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi kabisa, hakuna mwalimu ambaye angeweka alama ya kosa. Lakini mimi ninakata vitambaa. Mtu akinipa kiuno chake, sikati kitambaa sawasawa na kiuno. Naacha nafasi ya mshono, naacha ya pindo, naacha ya mwili kupumua. Paa lina mteremko, kwa hiyo ni refu kuliko sakafu iliyo chini yake. Lazima lipite ukuta ili maji yaanguke mbali. Na bati hulaliana na jirani yake pande zote, hakuna bati linaloungana na lingine ukingo kwa ukingo. Themanini yangekatika hata kabla ya kufika darasa la tano, na Dada angebaki na ahadi yake mkononi mbele ya wazazi mia tatu.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwake. Nilimkuta jikoni akichambua mchele.

"Dada, nina neno."

"La barua?"

"La barua."

"Basi utalisema Jumatano, kikaoni."

"Dada, kuna kosa humo ndani."

Akaendelea kuchambua. "Kikao ni cha kazi gani kama si hiyo? Wajumbe wenzako sita hawana mlango wa jikoni wa kunijia. Nikisikia lako hapa, lao nitalisikilizia wapi?"

"Utaaibika!"

"Mdogo wangu," akasema, na hapo alikuwa dada kweli, "kama nimekosea, heri niaibike na karatasi kuliko na paa. Umekunywa chai?"

Sikunywa. Niliondoka na hasira zangu zote. Siku nne nilishona vibaya, nikafumua, nikashona tena. Nikinyamaza, paa litapunguka na jina la Dada litakwenda na maji. Nikisema, nitamvua nguo mbele ya watu wawili waliokuwa wanangoja nafasi hiyo hiyo. Mmoja ni mwenyekiti, dereva mstaafu wa lori tunayemwita Breki, kwa sababu hakuna jambo ambalo hajawahi kulisimamisha. Mwingine ni mweka hazina, mwenye duka, ambaye mwaka ule wa mchango wa kwanza alitoa mara mbili na hajasahau.

Jumatano saa tisa alasiri tukakaa chumba cha walimu. Dada akasoma barua yake yote, amesimama, rula mezani. Mweka hazina akafungua kalamu.

"Hayo themanini nani kayahesabu?" akauliza.

"Mimi," Dada akajibu.

"Na una hakika?"

Dada akageuka. Alinitazama mimi. Watu wote wakafuata macho yake. Nikainuka. Nikachukua boksi la chaki lililokuwa wazi mezani, nikaliweka juu ya nakala yangu ya barua, nikachora kulizunguka kwa kalamu, kisha nikatoa mkasi mkobani nikakata.

"Hii karatasi ni sawasawa na sakafu ya boksi," nikasema. "Si ndiyo?"

"Ndiyo," akasema Breki.

Nikaikunja katikati nikaisimamisha juu ya boksi kama paa. Haikufika. Kila upande chaki zilikuwa zinachungulia nje.

Nikaeleza mteremko, nikaeleza mabati yanavyolaliana, nikaonyesha mshono wa ndani wa sketi yangu mwenyewe hadi Breki akageuza uso kwa heshima. Nilipomaliza nikakusanya vipande vya karatasi. Sikumtazama Dada.

Yeye ndiye aliyezungumza kwanza. "Nimepima sakafu," akasema polepole. "Miaka kumi na tisa nafundisha eneo, nimepima sakafu." Halafu akacheka, kicheko chake kile cha puani. "Mwenyekiti, naomba muhtasari uandike kwamba kosa limeonwa na mjumbe, fundi cherehani. Naomba wiki moja. Fundi wa paa apande apime, nami nitaandika barua upya."

"Na ile ahadi ya kutoomba mara ya pili?" akauliza mweka hazina, na hakuwa anatania.

"Bado sijaomba hata mara ya kwanza," Dada akasema. "Hii ilikuwa barua kwenu, haijafika kwa wazazi. Ndiyo maana niliileta kwenu."

Fundi wa paa alipanda kesho yake, akapima juu na akagonga mbao moja moja. Mabati, mia moja ishirini na manne. Lakini akaleta na habari nyingine: mbao nyingi zilikuwa bado nzima, na Dada alikuwa ameweka bei ya kubadili zote. Barua ya pili ikatoka na namba mpya: mchango ulipanda kutoka nusu ya bei ya bati hadi karibu theluthi mbili, kulipwa kwa awamu mbili kabla ya mvua. Juu kabisa, kabla ya salamu kupoa, iliandikwa: "Barua yangu ya kwanza ilikuwa na kosa la vipimo. Nilihesabu sakafu badala ya paa. Kosa ni langu." Chini, ahadi ilikuwa pale pale.

Mweka hazina aliisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Yule mkuu aliyepita mabati yalipomwishia alisema yameibwa," akasema. "Huyu hata bati halijanunuliwa, ameshajishtaki mwenyewe. Mimi sina swali." Na kwenye mkutano mkuu ndiye aliyesimama mbele ya wazazi wote na kuisoma, pamoja na ule mstari wa kosa, kwa sauti ya mtu anayesifia mwanawe. Hata Breki hakusimamisha kitu. Viatu havikuangaliwa siku hiyo.

Paa lilikwisha siku sita kabla ya mvua. Mabati yaliyobaki ni mawili.

Mvua ya kwanza ilinikuta darasa la nne, nikiwapima watoto sweta. Ilianza kwa kishindo. Watoto wote wakasimama, bila kuambiwa, wakashika madawati na kuanza kuyasukuma ukutani. Wawili walishakimbilia ndoo. Mwalimu wao akapaza sauti, lakini nani angemsikia chini ya mabati mapya?

Dada akatokea mlangoni, mabega yamelowa. Akapita katikati ya madawati hadi ubaoni, akachukua chaki, akaandika kwa herufi kubwa: KAENI.

Wakaacha kusukuma. Wakatazama juu, wote arobaini na wawili, wakingoja tone. Halikuja. Mmoja mmoja wakakaa pale pale walipokuwa wamesimama, katikati ya chumba. Wale wawili wakarudi na ndoo zao, wakabaki wamezishika, hawajui waziweke wapi.

Dada alikuwa bado ameupa ubao uso. Nilimjua kwa mabega. Nikasogea nikasimama karibu yake ili watoto wasione Mama Rula analia, na kwa mara ya kwanza ndani ya geti lile hakuniita mjumbe.

"Mdogo wangu," akasema sikioni, "umeacha nafasi ya mshono."