Kaka Picha na Saa ya Alhamisi

Kwa miaka minne ukurasa wa mtandaoni wa maktaba ya sauti ulikuwa mali ya Kaka Picha, kama kikombe chake cha bati kilivyokuwa mali yake, na ole wake aliyekigusa. Aliupokea ukiwa na wafuasi mia mbili na kumi na wawili, nusu yao binamu zake, akaufikisha elfu kumi na nne. Meza yake ilipakana na kibanda cha kurekodia, kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Humo watu wa kujitolea walikuja kuwasomea vitabu wanafunzi wasioona. Yeye aliwavuta watu hao kwa karuseli zake, zile picha nane au tisa zinazotelezeshwa kwa kidole, moja baada ya nyingine.

Kisha akaja Takwimu.

Alikuwa binti mwembamba aliyetoka chuo juzi tu, na jina hilo alilipata siku ya kwanza, alipouliza, "Wafuasi wangapi wako nje ya nchi?" Kaka Picha akajibu, "Wengi." Binti akafungua simu. "Asilimia thelathini na nne, Kaka. Na karibu wote wako nchi moja."

Hilo angelimeza. Lililomkaa kooni ni la wiki iliyofuata. Mkurugenzi wao, Mama Maktaba, haoni tangu utotoni. Simu yake humsomea kila kitu kwa sauti. Takwimu aliandika maelezo chini ya kila picha ya karuseli, simu ikayasoma, na Mama Maktaba akatulia kama anayesikiliza redio. "Kumbe picha zako zina watu ndani, Kaka Picha!" akasema. "Miaka minne simu yangu inaniambia 'picha, picha, picha' tu."

Kaka Picha alicheka na wenzake. Usiku ule hakula.

"Una wivu," mkewe alimwambia.

"Wivu wa nini? Mtoto yule!"

"Mtoto yule umemtaja mara kumi na moja tangu uvue viatu. Nimehesabu. Labda na mimi niitwe Takwimu."

Mwishoni mwa Oktoba likaja jambo lenyewe. Wanafunzi kumi na wawili walikuwa na mtihani mbele yao, na kitabu chao cha biolojia hakijarekodiwa hata ukurasa mmoja. Walihitajika wasomaji thelathini: wa nyumbani waje kibandani, wa ng'ambo wajirekodi vyumbani mwao. Mama Maktaba akawaita wote wawili.

"Kaka, chora. Takwimu, chagua siku na saa. Tukiwapata wasomaji, nitaamua nani ashike ukurasa. Wawili kwenye usukani mmoja, gari litaingia mtaroni."

Kaka Picha alichora kama mtu anayechimba kisima. Picha ya sita ilikuwa ya msichana aliyekaa darasani na vipokea sauti masikioni, huku waya wake ukining'inia bila kuchomekwa popote.

Takwimu naye alikuwa na daftari lake. "Ile chati ya saa ambazo wafuasi wako mtandaoni inatudanganya," alieleza. "Inawachanganya wote. Nguzo ndefu kuliko zote ni saa tatu usiku, kwa sababu wa nyumbani ni wengi. Lakini wa nje wakati huo wako barabarani au jikoni. Jumapili wa nje wamepumzika, ila wa kwetu wako kwenye shughuli za familia. Nimejaribu wiki sita, karuseli zinazofanana, siku na saa tofauti. Alhamisi saa moja jioni imeshinda kila mara. Wa kwetu wamefika nyumbani. Kule ni saa kumi na moja, wanatoka kazini, wamekaa kwenye treni na simu mkononi."

"Si tuweke mara mbili," alisema Kaka Picha, "mara moja kwa kila upande?"

"Wafuasi ni walewale. Watatuchoka, na maoni yatagawanyika pande mbili. Karuseli huonyeshwa wachache kwanza. Wakiitelezesha mpaka mwisho na kuihifadhi, ndipo inasambaa. Saa ya kwanza tunataka pande zote mbili ziwe macho."

Hesabu ilikuwa safi, na hilo ndilo lililomuuma.

Alhamisi saa kumi jioni karuseli ilikuwa imeshapangwa kwenye simu, ijitume yenyewe saa moja. Kaka Picha alikuwa anaosha kikombe chake pale ujumbe wa sauti wa dada yake wa ng'ambo ulipoingia. Dada huyo alifanya kazi ghalani katika nchi ileile ya wafuasi wa nje. "Mdogo wangu, huku wamerudisha saa nyuma tangu Jumapili, kama kila mwaka baridi ikianza. Natoka kazini saa kumi na moja ileile, lakini giza totoro! Ukinipigia, kumbuka tunapishana kwa saa tatu sasa, si mbili."

Maji yakaendelea kutiririka. Wiki zote sita za majaribio ya Takwimu zilikuwa kabla ya Jumapili ile. Hapa nyumbani saa hazisogezwi, kwa hiyo binti hakuwaza. Leo saa moja ya nyumbani ingekuwa saa kumi kule, watu wakiwa bado wamefungiwa kazini, simu kabatini.

Akafunga bomba. Moyoni kitu kikacheza ngoma. Ianguke. Ianguke na daftari lake. Alikaa mezani, akapekua faili zisizo na kazi, akitazama saa ya ukutani kama anayesubiri mgeni.

Saa kumi na mbili na nusu, Mama Maktaba alikuwa amekaa karibu na dirisha, simu ikimsomea karuseli kabla haijatoka. Ikafika picha ya sita: "Msichana amekaa darasani. Amevaa vipokea sauti. Waya haujachomekwa popote. Anatabasamu, kama anayesikia."

Kaka Picha alishtuka. Lile tabasamu alilichora bila kulijua. Takwimu ndiye aliyeliona.

"Waya haujachomekwa," Mama Maktaba alirudia polepole. "Mimi nilikaa hivyo darasa zima la saba."

Kaka Picha akasimama, kiti kikaanguka. "Takwimu! Sogeza saa moja mbele. Iende saa mbili."

"Kwa nini? Unataka kuniharibia?"

"Ningetaka, ningenyamaza! Kule wamerudisha saa nyuma. Saa moja yetu wako kazini bado."

Binti akafungua simu, akatafuta saa ya kule. "Umejua tangu lini?"

"Sogeza kwanza."

Akasogeza. Ilitoka saa mbili kamili, wa nyumbani wakiwa mezani, wa ng'ambo wakiwa kwenye treni. Asubuhi majina yalikuwa arobaini na moja, kumi na tisa kutoka nje. La kwanza lilikuwa la dada yake Kaka Picha.

"Saa ilichaguliwa na nani?" aliuliza Mama Maktaba.

"Nilikosea, Mama," Takwimu alisema. "Kaka ndiye aliyenisahihisha."

"Na wewe Kaka, ulijua lini?"

"Saa kumi."

"Ukasema saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu."

Mama Maktaba alikunja fimbo yake nyeupe. "Ukurasa ashike Takwimu. Anayesema 'nimekosea' asubuhi kweupe, huyo simwogopi. Wewe utachora, na utachora sana."

Kaka Picha hakubisha. Alichukua kalamu nene, akaandika kwenye kalenda kubwa ya ukutani.

"Nini hicho kinachokwaruza?"

"Tarehe, Mama. Jumapili ya mwisho ya Machi saa za kule zitasogezwa mbele. Turudi saa moja."

"Vizuri. Umeandika hivyo tu?"

"Hivyo tu, Mama."

"Kuna mstari mwingine chini," alisema Takwimu, na sauti yake ilikuwa na kicheko. "Nikusomee maelezo ya picha, Mama: 'Jambo hili liligunduliwa kwanza na Kaka Picha.' Maneno yenyewe yamepigiwa mstari mara mbili."