Majina niliyompa mtu wa banki

Tulikuwa watatu jikoni siku ile: mimi, mke wa mtoto wangu wa kwanza, mwalimu, aliyebaki na mimi tangu bwana yake afariki, na jirani wangu aliyetoka Kasai zamani, sasa ni ndugu yangu. Majina yao sitaandika. Nayajua yote, hata ya bibi zao, lakini majina njo yalituletea shida.

Juma moja kabla ya siku hiyo, telefone ya mke wa mtoto wangu ililia naye anaoga. Nikaitika. Mwanaume wa sauti nzuri akauliza, "Mama, ni kwa mwalimu?" Kwetu mtu akikusalimia kwa heshima, unamwonyesha amefika kwa nani. Nikampa jina la mwalimu lote, la marehemu, la shule, hata la banki ya mshahara. Akacheka: "Mama, weye unajua bantu na majina yao!" Nilifurahi. Sikumwambia mtu.

Sasa siku ile mwalimu alikuwa anasonga bukari, mikono yote kwenye mwiko. Telefone yake ikalia, nikashika, nikaweka sauti kubwa. Sauti ikasema inatoka banki. Ikataja majina yale yote. "Mwizi anataka kutoa feza. Kode imeingia kwa mesaje. Munisomee haraka, tumufungie njia!"

Feza zile mwalimu alikuwa anaziweka kwa operesheni ya jicho langu la kushoto. Niliogopa. Shule sikusoma sana, lakini numero nazijua. Nikafungua mesaje, nikaanza: "Nne... sifuri... saba..."

"Yaya, ngoja!" jirani akapiga kelele. "Banki gani inaomba ufunguo kwa mwenye nyumba?"

Mwalimu akaacha mwiko, akaninyang'anya telefone. "Papa, kode yangu simpi muntu."

"Mama, konti yako itafungwa!"

"Ifungwe. Nitakuja mwenyewe, unitayarishie kiti."

Akakata. Akanionyesha chini ya zile numero: *usimpe mtu yeyote kode hii*. Mimi nilikuwa nimesoma numero tu.

Hakuipigia tena ile namba. Alipiga ile iliyo nyuma ya karta yake ya banki, konti ikazuiwa, halafu tukaenda banki, kwenye giche, dirisha lao la wateja. Hakuna kilichotoka. Wakambadilishia namba ya siri. Mtumishi akasema banki haimwombi mtu kode ile hata siku moja, halafu akauliza, "Lakini huyo mwizi alijuaje jina la marehemu?"

"Sijui," mwalimu akasema. Nilikuwa nyuma yake, nimemshikia sakoshi yake ya mkononi.

Tangu hapo anamshuku mwalimu mwenzake mmoja. Hamsalimu tena. Na kila mwezi bado anaweka feza za jicho langu.

Mwanangu, si yule mwenzako aliyetoa majina. Ni mimi. Jirani atakusomea karatasi hii mbele yangu. Kama nimekosea mahali, munisahihishe nyote wawili. Pengine nilitaja numero mbili, si tatu. Lakini majina niliyompa hayakupungua hata moja.