Neno la Kuita Wekundu

Domitille Mushiya alizaliwa Dilala, mtaa wa mji wa Kolwezi, katika nyumba za matofali ambazo kampuni ya zamani ya migodi iliwajengea wafanyakazi wake. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, na nyumbani kwao Kiluba cha Kasai kilikuwa cha sala na cha kugombezana, Kifaransa cha shule, na Kiswahili cha mambo mengine yote. Alifundisha darasa la tano kwa muda mrefu. Kisha lori la madini likaigonga pikipiki iliyokuwa imembeba kwenye barabara ya Mutoshi, na daktari akamkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Alipata mguu wa bandia kwenye kituo kidogo cha wagonjwa wa viungo mjini Kolwezi. Kine wa kituo, yaani mtaalamu wa mazoezi ya mwili, aliitwa Blanchard Mukalay. Alikuwa mtu mpole, mwenye haraka, na wagonjwa walikuwa wengi kuliko mikono yake. Siku moja akamwekea Domitille karatasi za Kifaransa mezani.

"Mama Domitille, hizi zinaeleza namna ya kujitunza nyumbani. Bidonda ya kulala, kwa bale ba kiti ya magurudumu. Na usafi wa mguu ya bandia. Batu banapeleka ku nyumba, banaweka ku ukuta, lakini hawasome. Utugeuzie mu Kiswahili ya huku."

Domitille alifurahi. Tangu ajali hakuna mtu aliyekuwa amemwomba kitu alichokijua.

Sehemu ya mguu wa bandia haikumsumbua, kwa sababu ilikuwa maisha yake mwenyewe. Pale Kifaransa kiliposema "moignon" hakuandika kisiki, maana kisiki ni cha mti uliokatwa. Aliandika "mguu yenye ilibakia". Chombo kigumu ambamo mtu anatia mguu alikiita kikombe. Soksi ya mpira inayovaliwa ndani yake akaiita soksi ya mpira. Karatasi ilisema kuosha kwa "savon doux", sabuni isiyo kali, naye akaandika sabuni ya mtoto, kwa sababu aliyeandika sabuni tu angewafanya watu watumie ile ya mche ya kufulia, inayokausha ngozi mpaka ipasuke. Akaeleza kwamba soksi na ndani ya kikombe vioshwe jioni, visuuzwe hadi sabuni iishe, vikaushwe kivulini, visivaliwe vikiwa na maji. Kwamba mguu nao uoshwe jioni, si asubuhi, maana ngozi yenye unyevu inavimba na kunasa kwenye kikombe. Na kwamba ukiona malengelenge au kidonda, mguu wa bandia unavuliwa, nawe unakaa chini mpaka kipone. Aliandika hilo la mwisho kwa mkono mzito, akijua watu wenye kazi watalisoma na kuruka.

Sehemu ya pili ilieleza vidonda vinavyomtokea mtu anayekaa au kulala upande mmoja bila kusikia maumivu. Ajiinue kwa mikono mara kwa mara akiwa kwenye kiti. Ageuzwe usiku. Asikalie mpira wa tairi, maana ule unaziba damu pembeni. Asikandwe pale palipobadilika rangi. Kila asubuhi na jioni mtu amwangalie matako, kiuno, visigino, na akiona "rougeur" isiyofifia, amwondolee uzito hapo mara moja, akimbie kituo.

Aliandika: "fasi yenye inageuka nyekundu", yaani mahali panapogeuka kuwa pekundu.

Blanchard alisoma yote, akacheka kwa raha. "Ni yetu hii. Kabisa kabisa ni yetu." Karatasi zikachapishwa kwa msaada wa shirika la nje, pamoja na picha zilizokuwa kwenye zile za Kifaransa.

Kati ya waliozipokea alikuwa mama Mpoyi, mkulima wa mihogo kutoka Kasaji. Mtoto wake wa pekee, Donatien, alikuja Kolwezi kuchimba, shimo likaporomoka huko Mutoshi, uti wa mgongo ukavunjika. Kuanzia kitovuni kushuka hakusikia kitu tena. Mama alifunga nyumba ya Kasaji, akaja kupanga chumba karibu na kituo. Alijua kusoma pole pole, kwa kidole. Blanchard alisema hajaona mwanamke anayefuata maneno ya karatasi vile. Alimgeuza kijana, akamnunulia godoro la sponji, akautupa mpira wa tairi ambao jirani alimletea kwa huruma. Alinunua hata kioo cha duara ili Donatien ajitazame mwenyewe.

Domitille alipenda kuwatembelea wale waliopewa karatasi. Alisema ni kuangalia kama Kiswahili kimeeleweka. Kwa kweli ilimpendeza kuiona imebandikwa ukutani juu ya kitanda cha mtu. Siku moja alipoingia kwa mama Mpoyi, kabla ya kusalimiana, alisikia harufu ya kitu kinachooza.

Donatien alikuwa amelala ubavu, akitetemeka chini ya blanketi mchana wa jua.

"Ni malaria," mama akasema. "Tulikunywa dawa, lakini moto inarudilia."

"Mama, uliangalia ngozi?"

"Kila asubuhi na kila mangaribi. Karatasi ni ile kwa ukuta."

"Unaweza kunionyesha?"

Mama akamfunua kijana kwa heshima, akiugeuzia uso wa kijana ukutani ili asione haya. Juu ya mfupa wa kiuno, pale mgongo unapoishia, palikuwa na doa jeusi kuliko ngozi, linang'aa, gumu kama ngozi ya ngoma. Pembeni yake palikuwa na moto ukipagusa, na palibonyea kama tunda lililooza. Usaha ulikuwa unatoka kwenye ukingo.

"Hii iko hapa tangu lini?"

"Nyeusi ile? Ni siku mingi. Ilianza kama kivuli hivi." Mama Mpoyi alimtazama bila kuelewa hofu yake. "Mi natafuta nyekundu, mama. Kila siku natafuta nyekundu. Haikuje. Ni nyeusi tu, na siye tuko beusi."

Domitille alikaa kitandani. Akaiangalia karatasi ukutani. Picha ilikuwa ya mgongo mweupe wenye doa jekundu, wazi kama pilipili. Aliwahi kuiona picha ile mara nyingi sana. Aliitazama, akaigeuza karatasi neno kwa neno, wala hakujiuliza doa lile lingeonekanaje kwenye ngozi yake mwenyewe.

Donatien alisema, uso ukiwa bado ukutani: "Mulitupa rangi ya bazungu tutafute kwa mwili yetu."

Domitille alipiga simu kituoni.

Walimpeleka hospitali kwa gari la kituo. Muuguzi alipokata ile ngozi nyeusi iliyokufa, shimo likafunguka mpaka mfupa ukaonekana. Daktari aliwaeleza Domitille na mama kwamba kidonda kilikuwa kimeanza ndani zamani, na juu kilikuwa kifuniko tu. Kwamba sumu imeingia mfupani na sasa iko kwenye damu. Kwamba watampa dawa ya kupitia mishipani na kumsafisha kila siku, na kwamba mtu wa namna hii anahitaji miezi, na chakula kizuri, na bahati. Mama Mpoyi aliuliza jambo moja tu.

"Ningelijua mbele, nilifaa kufanya nini?"

"Kumwondolea uzito hapo, mama. Alale tumbo. Kumleta hapa."

"Ile tu?"

"Mwanzoni, ile tu."

Mama alitoka nje. Domitille alimwona kupitia dirishani, amesimama uani, mikono kichwani, bila kulia.

Jioni hiyohiyo Domitille alimfuata Blanchard na karatasi, akamweleza. Kine akaisoma tena. "Mi pia nilisoma," akasema. "Ku shule batufundisha hivi, rougeur. Mu kazi najua inakuwa nyeusi, mikono inajua, na macho. Nilisoma neno yako, na sikufikiri."

Waliandika upya pamoja: fasi yenye inageuka nyeusi kupita ngozi ya pembeni, ao rangi ya zambarau; ao iko moto; ao iko ngumu; ao laini kama tunda ya kuoza. Gusa kwa mgongo ya mukono. Linganisha na upande ingine. Usingoje nyekundu.

Shirika lililolipia uchapaji lilijibu kwamba maandishi ya kwanza yalishapitishwa, na mabadiliko yangoje mradi ujao. Kwa hiyo Domitille aliandika maneno mapya kwa mkono, akapiga fotokopi, akaanza kuzunguka. Dilala, kisha makambi ya wachimbaji kuelekea Mutoshi, kwenye njia za mavumbi mekundu ambako pikipiki hazikubali kumsubiri. Aliingia, akakwaruza neno lile kwa kalamu, akabandika jipya. Wengine walikuwa wamehama. Wengine walimpeleka nyuma ya nyumba kumwonyesha kaburi; kama ni kifo cha kidonda au cha sababu nyingine, hakuweza kujua. Mjane mmoja alimwambia karatasi alishaifungia karanga.

Jasho lilijaa ndani ya soksi ya mpira. Malengelenge yakatokea, yakapasuka. Aliyaona. Alikuwa ameandika mwenyewe kwamba mguu unavuliwa, unakaa chini. Akafunga kitambaa, akauvaa, akaenda nyumba nyingine, na nyingine, mpaka asubuhi moja kikombe hakikuingia tena, na damu ilikuwa imekauka ndani yake. Tangu hapo alitembea kwa magongo, nayo hayakumfikisha mbali.

Donatien alikufa wakati wa baridi, mwezi wa sita. Siku za mwisho alimwomba mama yake asimgeuze tena, na mama akaendelea kumgeuza.

Kwenye matanga, wanawake wa kanisa waliimba kwa zamu. Domitille alikaa kwenye mkeka karibu na mama Mpoyi, mguu uliobakia umefunikwa na kitenge. Mama Mpoyi akamgeukia.

"Banasema uliandika ingine."

"Ndiyo, mama."

"Nisomee."

"Mama, si leo."

"Nisomee, mama Domitille."

Akaitoa kwenye mkoba, akamsomea kwa sauti ya chini, chini ya wimbo. Nyeusi kupita ngozi ya pembeni. Moto. Ngumu. Kama tunda ya kuoza. Mama Mpoyi alisikiliza huku kidole chake kikitembea juu ya mkeka, kama anavyosoma. Ilipokwisha kidole kilisimama.

"Hii ningelielewa," akasema.

Domitille aliangua kilio, na mama Mpoyi, aliyekuwa na haki ya kulia, akamshika bega mpaka alipomaliza. Kisha akaomba maji, akanywa, akarudi kwenye wimbo pamoja na wengine.

Baada ya arobaini mama Mpoyi alipanda treni ya kurudi Kasaji. Kiti cha magurudumu cha Donatien alikuwa amekirudisha kituoni, kimeoshwa, na kijana mwingine wa machimbo akakikalia wiki hiyo hiyo. Blanchard alimpigia Domitille simu kumwuliza kama anaweza kuja kumweleza mama wa kijana huyo maneno mapya. Alipiga tena kesho yake.

Domitille alikuwa kitandani Dilala, kidonda kiko wazi hewani, mguu wa bandia umesimama kwenye kona. Simu ililia mpaka ikanyamaza. Mdogo wake Yolande alimwuliza ni nani.

"Ni batu ba kazi," akasema, akageukia ukuta.