Mnara wa Nkowe

Mjukuu wangu alikuwa meneja masoko wa kiwanda cha mafuta ya ufuta pale Nachingwea, na mimi nilikuwa mjumbe wa bodi ya kiwanda hicho hicho. Kazi sikumpa mimi. Nasema mapema kwa sababu watu wana midomo. Aliomba kama wengine, akahojiwa, na siku anahojiwa mimi nilikuwa shambani Mtua napalilia mihogo. Bodini niliingia kwa kura za vikundi vya akina mama wenye hisa, na darasa langu la nne ambalo wala sikulimaliza. Wa kucheka na acheke. Kitini nilikaa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mafuta ya nje yalikuwa yameanza kushuka kutoka Dar es Salaam kwenye madumu ya njano, bei chini, harufu hakuna, ladha hakuna, kama maji aliyonawia mtu. Watu wakayanunua. Yetu yakabaki madukani yanashika vumbi. Meneja mkuu akamwita mjukuu wangu ofisini akamwambia bila kumung'unya maneno: "Nenda kaombe bajeti ya matangazo kwenye bodi. Wakikukatalia, kitengo chako nakifunga."

Kwa hiyo yale maelezo aliyoyaandika ya kusoma mbele ya bodi hayakuwa maelezo tu. Yalikuwa kibarua chake.

Jumapili kabla ya kikao alikuja kwangu Mtua kuyajaribu. Makabrasha yalikuwa yameshagawiwa kwa wajumbe wiki nzima kabla, ndiyo sheria yetu, ili mtu asije kikaoni akashtuliwa. Langu lilikuwa chini ya godoro sijalifungua, maana macho yangu na herufi ndogo tulishaachana siku nyingi. Nilikuwa barazani nachambua karanga za mbegu. Akasimama mbele yangu, gauni limenyooshwa, viatu vya kisigino kwenye mchanga.

"Haya mke mwenzangu, jifanye wewe ndiyo bodi nzima."

"Bodi nzima ina meno. Mimi ninayo mawili."

"Kuna mzee mle hana hata hayo. Kaa vizuri, usinichekeshe."

Akaanza. "Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe. Naomba fedha za matangazo za mwaka ujao ziwe mara mbili ya mwaka huu. Siombi kwa maneno matupu. Nimekuja na ushahidi."

Nikaona kifua kinanijaa. Mtoto huyu nilimbeba mgongoni nikivuna ufuta. Sasa sauti yake ilikuwa imetulia kama ya hakimu.

Ushahidi wenyewe ulikuwa huu. Mwaka ule, mwezi wa sita na wa saba, alilituma gari la matangazo, lile la spika juu, likazunguke Nkowe kila siku ya mnada na kila Ijumaa. Mtua hakulituma makusudi, ili apate pa kulinganishia. Kata zote mbili ni za wakulima, maduka karibu sawa, bei ya chupa ni moja, na miezi ya nyuma zilikuwa zikiuza sawa. Akanifunulia karatasi kubwa aliyochora minara, kila mnara ni mauzo ya mwezi mmoja. Ya Mtua ilikuwa mifupi yote, kama visiki. Ya Nkowe ilipanda mwezi wa sita, na mwezi wa saba ukasimama mnara mmoja mrefu, umekaribia kutoka nje ya karatasi.

Mkono wangu ukasimama kwenye karanga.

"Mwezi wa saba, Nkowe?"

"Ndiyo, Bibi. Uone gari lilivyofanya kazi!"

"Mwezi wa saba mimi nilikuwa wapi?"

Alijua. Mimi ni nyakanga, ndiye ninayewafunda wasichana wakiingia unyagoni, na mwezi ule nilikuwa Nkowe, nimepelekwa kwa baiskeli na mkeka wangu. Walitoka wari wengi kuliko nilivyowahi kuona kwa msimu mmoja. Kila nyumba ilikaanga maandazi, kila nyumba ilipika pilau. Na mwari siku ya kutoka hupakwa mafuta toka utosini mpaka vidoleni ang'ae. Hapakwi ya dumu la njano, hakuna mama atakayefanya hivyo. Hupakwa ya ufuta, yetu. Chupa zile za mwezi wa saba zilikwenda vichwani na kwenye masufuria. Mtua mwaka ule hapakuwa na ngoma hata moja, kwa sababu nyakanga wa kata yetu alikuwa amefariki na watu walikuwa wanakaa mwaka wake wa maombolezo.

"Lakini gari nalo lilipita," akasema.

"Lilipita. Tulilifukuza, lilikuwa linatuharibia nyimbo."

Hakucheka. Akaikunja karatasi polepole. "Wanaume wale hawahesabu ngoma za wanawake."

"Ngoma hawahesabu. Pilau wanakula."

"Bibi, makabrasha yameshakwenda! Nikiugusa ukurasa wa nne, huu wa minara, sasa, kila kitu kinaanguka. Unataka nirudi kulima?"

"Kulima kumekufikisha hapo ulipo."

Akaondoka bila kuaga. Hakuwahi kuniondokea vile kabla, wala tangu hapo hajarudia.

Siku ya kikao tulikaa kwenye ukumbi wa kiwanda, ambao zamani ulikuwa ghala la karanga, na mpaka leo ukifunga madirisha harufu ya magunia inarudi. Tulikuwa saba. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, akauliza kama desturi: kuna mjumbe mwenye maslahi kwenye ajenda? Nikasimama nikasema meneja masoko ni mjukuu wangu. Akaandika. "Utabaki, mama, lakini hutachangia wala hutapiga kura." Ni haki. Lakini nilipokaa niliona kama nimefungwa kitambaa mdomoni huku naitazama nyumba ikishika moto.

Maana mbele yangu alikaa mjumbe wa Ruangwa, mzee mkimya aliyetaka fedha zile zikanunue lori la pili. Alilifungua kabrasha moja kwa moja kwenye ukurasa wa nne. Akaweka kidole gumba juu ya mnara mrefu, akakiacha pale. Hakusoma kurasa za mbele wala za nyuma. Ndipo nikamkumbuka. Mjukuu wake wa kike alikuwa kati ya wari wa Nkowe. Mimi mwenyewe nilimtoa. Mzee huyu alikaa mkeka wa mbele, sahani ya pilau mapajani, akitabasamu.

Mjukuu wangu akasoma. Ukurasa wa kwanza, hali ya soko. Wa pili, mafuta ya nje na bei zake. Wa tatu, gharama za redio na za gari. Kila alipofungua ukurasa, kile kidole kilibonyeza karatasi kidogo, kama mtu anayempapasa kuku kuona kama amenona. Nilikohoa. Mwenyekiti akanitazama.

Ukafika wa nne. Akaibandika ile karatasi ya minara ukutani, akageuka, akangoja mpaka mhasibu akainua kichwa.

"Waheshimiwa, ukurasa huu una kosa, na kosa ni langu."

Akachukua kalamu nene nyekundu akaukata mnara wa mwezi wa saba, toka juu mpaka chini. Akasema mwezi ule Nkowe kulikuwa na unyago na Mtua hakukuwa nao, kwa hiyo mnara ule umejengwa na ngoma, na yeye hawezi kujua gari liliongeza tofali ngapi. Kilichobaki ni mwezi wa sita, kabla maandalizi hayajaanza, na madaftari ya wenye maduka, ambao aliwaomba wamuulize kila mnunuzi habari za mafuta kazipata wapi. Hapo Nkowe iliizidi Mtua, ila kidogo.

"Kwa hiki kidogo siwezi kuomba mara mbili," akasema. "Naomba nusu ya nyongeza niliyoandika, kwa jaribio. Mwakani mwezi wa sita na wa saba tugeuze. Gari liende Mtua, Nkowe lisiende. Mtua isipopanda, nyongeza isitolewe tena."

Mhasibu akataka jaribio lipimwe kwa faida itakayobaki baada ya kulilipia gari, siyo kwa wingi wa chupa. Akakubali.

Mzee wa Ruangwa akakiondoa kidole. Karatasi ilibaki na alama ya jasho.

"Nilikuwa naungoja huo ukurasa, binti. Ungeusoma kama ulivyo..." Akafunga kabrasha. "Jaribio nalikubali. Lakini lisipoonyesha kitu, siyo nyongeza tu itakayokufa. Kitengo kifungwe. Katibu, iandike hiyo."

Katibu akaandika. Nilisikia kalamu ikikwaruza. Mikono sita ikainuka, yangu ikabaki mapajani.

Nje akaniuliza, "Bibi, umefurahi?"

"Nimefurahi. Shimo umelichimba mwenyewe, lakini la kweli."

Mwezi wa tano mwaka uliofuata, akina mama wa Mtua walikuja kwangu watano, na kuku mmoja. Mwaka wa marehemu umekwisha, wasichana wamesimama wanangoja, sasa nyakanga ni mimi, nipange mwezi wa kuwatoa. Wao walitaka wa saba, ufuta ukishauzwa. Ndiyo mwezi wa maana. Hata mimi ningeuchagua. Nikasema nitawajibu.

Wiki ile ile mjukuu wangu akaja na kilo ya sukari. Alikaa, akachambua karanga na mimi, alikuwa amekonda. Tukaendelea mpaka ungo ukakaribia kwisha.

"Bibi," akasema, macho kwenye ungo, "Mtua mwaka huu mnatoa lini?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Nikamtazama utosi. Kama nilivyoshika karanga, ndivyo nilivyokuwa nimeushika mnara wake. Neno moja tu, "wa saba," ungesimama mpaka dari, na mtoto wangu angelala usingizi. Na yule mzee angekaa tena mkeka wa mbele, ale, atabasamu, angoje ukurasa.

"Nenda kazini," nikamwambia. "Mambo ya unyago siyo ya bodi."

Akajua sitamjengea mnara. Aliinuka, akanishika magoti kama mtoto, akaenda zake.

Akina mama niliwaambia mwezi wa tisa. Walinijia juu. "Wa tisa hela zitakuwepo, bibi? Wanaume watakuwa wameshazinywa!"

"Zificheni. Hamna pindo la kanga?"

Walilalamika mpaka njiani, na kuku wakaondoka naye.

Mwezi wa sita ukaingia. Asubuhi nikalisikia gari kabla sijaliona, spika inapiga kelele barabara ya kutoka mjini, vumbi linakuja mbele yake. Duka liko ng'ambo ya nyumba yangu. Watu walitoka kuchungulia. Mwanamke mmoja akaanza kufungua pindo la kanga yake akielekea mlangoni, na juu ya kaunta zilikuwa chupa zetu na madumu ya njano, bega kwa bega.

Nikageuza kigoda changu, nikaligeuzia duka mgongo nisione anachukua ipi, nikaendelea na karanga.